Kabla ya kusaini leseni, soma madai: hataza ya mashine ya mkonge, kipengele kwa kipengele

Hataza ya uvumbuzi ina kurasa nyingi, na nyingi kati ya hizo zinasomeka bila shida. Mwanzoni kuna ikisiri, aya moja inayosema kifaa ni nini na kinafanya nini. Kisha yanakuja maelezo marefu: tatizo lilikuwa nini, wenzetu wa zamani walilitatuaje, na huyu mvumbuzi ameleta nini kipya. Kuna michoro yenye namba namba. Halafu, baada ya hayo yote, zinakuja sentensi kavu, ndefu, zenye nambari 1, 2, 3, na kila moja inajirudia kama aliyeiandika alilipwa kwa neno. Hayo ndiyo madai. Wavumbuzi wengi huyapitia kwa haraka kwa kuwa hayana utamu wowote, wakati kwenye mkataba wa leseni hayo ndiyo yanayouzwa. Ikisiri ipo kwa ajili ya watu wanaotafuta nyaraka. Maelezo yapo ili fundi mwingine aweze kukitengeneza kifaa, na ili yasaidie kuelewa madai pale yanapokuwa na utata. Mipaka ya haki yenyewe imo ndani ya madai.

Nitatumia mfano wa fundi mmoja wa Muheza, ambaye ana hataza ya mashine ndogo ya kuchakata mkonge na kampuni ya Mombasa imemfuata ikitaka leseni. Mfano nimeupanga mwenyewe kutokana na mambo yanayojirudia kwenye karatasi za watu mbalimbali, ili nisianike siri ya mtu. Tatizo la mashine yake, hata hivyo, kila mkulima wa mkonge wa Muheza, Korogwe au Handeni atalitambua.

Jani la mkonge halina unene mmoja. Huku kwenye kitako ni nene na gumu, kule kwenye ncha ni jembamba. Kwenye mashine ndogo, ndugu mdogo wa korona, ile mitambo mikubwa ya kuchakata mkonge mashambani, unaingiza jani kati ya ngoma inayozunguka yenye visu butu na bamba la chuma lililokaa mkabala nayo. Visu vinapondaponda nyama ya jani na kuikwangua, wewe unavuta na kubaki na singa, yaani nyuzi za mkonge, mkononi. Kila kitu kinategemea mwanya ulioko kati ya visu na bamba. Ukiubana, singa zinakatika kwenye kitako. Ukiulegeza, nyama inabaki kwenye ncha, singa zinakauka na rangi ya kijani na daraja linashuka. Kwa zao ambalo kilo mia za majani mabichi zinakupa kilo nne hivi za singa kavu, zile zinazokatika na kwenda na maji ni hasara inayoonekana kwa macho. Fundi wetu aliliwekea bamba springi kwa nyuma. Jani nene likiingia, bamba linarudi nyuma. Jani likipungua unene, springi inalisukuma mbele tena. Mwanya unajirekebisha wenyewe.

Ni uvumbuzi mzuri. Aliupeleka BRELA, akapata hataza, na sasa swali lake kwangu ni moja: "Wanataka kunipa asilimia tano kwa kila mashine. Ni nzuri hiyo, au wananilalia?"

Asilimia huja mwisho. Kwanza fungua ukurasa wa madai. Nyaraka zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili madai yake yanasomeka hivi:

1. Mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inayojumuisha: fremu ya chuma yenye magurudumu mawili, injini ya dizeli iliyofungwa juu ya fremu hiyo, ngoma inayozungushwa na injini hiyo, yenye visu butu kwenye mzingo wake, bamba lililo mkabala na ngoma, kukiwa na mwanya wa kupitishia jani kati yao, na springi ya koili inayolisukuma bamba kuelekea kwenye ngoma, hivyo kwamba mwanya hupanuka na kupungua kwa kufuata unene wa jani.

2. Mashine kama ilivyo katika dai la 1, ambapo mwanya huo, pasipo jani, ni kati ya milimita 1 na milimita 3.

3. Mashine kama ilivyo katika dai la 1 au la 2, yenye pia bomba la kunyunyizia maji singa zinapotoka.

4. Njia ya kuchakata jani la mkonge, inayojumuisha hatua za: kuingiza jani kati ya ngoma inayozunguka yenye visu na bamba, kuliacha bamba lisogee lenyewe kufuata unene wa jani likiwa limeegemea kifaa kinachonyumbuka, na kuvuta singa nje.

Kila neno ni bikoni

Soma dai la 1 kama unavyosoma hati ya kiwanja. Kila kipengele kilichotajwa ni bikoni moja. Tofauti ni kwamba hapa kadiri unavyoongeza bikoni, ndivyo kiwanja kinavyopungua. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza na ngumu kuizoea: mashine ya mtu mwingine inaingia ndani ya dai ikiwa ina vipengele vyote vilivyotajwa. Ikikosa kimoja tu, iko nje, hata kama vinne vilivyobaki vimenakiliwa kwa rula.

Kuongeza vitu hakumtoi mtu. Neno "inayojumuisha" limeacha mlango wazi, kwa hiyo mtu akichukua mashine yote ya dai la 1 na kuiwekea meza ya kulishia majani na kifuniko cha kuzuia nyama ya jani isimrukie mwendeshaji, bado yumo ndani. Dai lingeandikwa kwamba mashine ina vitu hivi pekee, ile meza ya kulishia ingetosha kumwokoa. Kwa mashine, karibu mara zote utakuta lugha ya mlango wazi, na ndivyo inavyotakiwa. Lugha ya kufunga utaikuta zaidi kwenye michanganyiko, mathalani dawa na aloi.

Sasa weka mashine ya kampuni pembeni. Mchoro wao, walioutuma wenyewe kwa moyo mweupe, unaonyesha mashine inayofungwa kwenye sakafu ya zege, inazungushwa na mota ya umeme, na nyuma ya bamba kuna kipande kinene cha mpira. Twende kipengele kwa kipengele. Ngoma yenye visu butu ipo. Bamba na mwanya vipo. Mwanya unapanuka na kupungua kwa kufuata jani, hilo nalo lipo. Magurudumu hakuna. Injini ya dizeli hakuna. Springi ya koili hakuna, kuna mpira.

Fundi hukunja uso akifika hapa. "Lakini wazo ni langu lile lile!" Ni kweli, na wazo hilo limeandikwa vizuri sana kwenye kurasa za maelezo. Ila dai la 1 limeeleza mashine moja maalum iliyokuwa imesimama uani kwake siku mchoraji alipokuja kuipiga picha. Ilikuwa na magurudumu, yakaandikwa. Ilikuwa na injini ya dizeli, ikaandikwa. Hili ndilo kosa la uandishi ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote: dai linaeleza sampuli ya kwanza, wakati lilipaswa kueleza kile kilichoifanya kuwa mpya. Ngoma na bamba vilikuwepo tangu enzi za mashamba ya Wajerumani. Magurudumu na dizeli navyo si vipya, kwa hiyo havikuisaidia hataza kupatikana, lakini vimeipunguza. Upya wote uko kwenye springi na mwanya unaojirekebisha.

Je, mpira ni springi?

Hapa pana kesi ambayo kila mwenye hataza yenye neno "springi" anafaa kuijua. Miaka ya 1980 ilitoka mashine ya umeme ya kung'oa nywele za miguu iitwayo Epilady. Dai lake lilitaja springi ya koili iliyopindwa kama upinde. Inapozunguka kwa kasi, koili zake upande mmoja zinaachana na upande wa pili zinabana, na nywele inanaswa katikati na kung'olewa. Kampuni ya Remington ikaleta mashine yake. Badala ya springi iliweka fimbo ya mpira iliyochanjwa chanjwa, nayo imepindwa vile vile, inazunguka vile vile na kung'oa vile vile.

Mahakama ya Uingereza mwaka 1989 ilisema fimbo ya mpira si springi ya koili, na kwamba msomaji mwenye utaalamu angeelewa kuwa mwandishi wa dai alikusudia springi hasa, kwa hiyo Remington iko nje. Nchini Ujerumani, hataza ile ile ya Ulaya, mashine zile zile mbili, mahakama ya rufaa ya Düsseldorf ikaamua kinyume: mpira unafanya kazi ile ile kwa njia ile ile, kwa hiyo Remington imeingilia. Wanasheria wa hataza wameijadili tofauti hiyo kwa miaka mingi, na nawaachia wao. Kwa mtu anayefikiria leseni, kinachomhusu ni kwamba neno moja mahususi mno kwenye dai lilizaa kesi ya nchi mbili zenye majibu mawili, na gharama za kesi ya aina hiyo zinaweza kumeza mrabaha wa miaka.

Mahakama hazisomi madai kama msahafu usiobadilishwa nukta. Mwaka 1982 House of Lords ya Uingereza, wakati huo mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, iliamua kesi ya Catnic, iliyohusu boriti za chuma za juu ya milango na madirisha. Dai lilisema sehemu ya nyuma ya boriti isimame wima. Mshindani aliilaza kwa nyuzi 6 kwenye boriti moja na nyuzi 8 kwenye nyingine, akidai hiyo si wima tena. Uwezo wa kubeba mzigo ulikuwa umepungua kwa sehemu ndogo sana, na mahakama ikasema mjenzi yeyote anayesoma dai lile angeelewa kwamba "wima" ni wima ya kijenzi, haipimwi kwa nyuzi. Mshindani akashindwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya dawa ya saratani kati ya Actavis na Eli Lilly, ikasogea zaidi: dai lilitaja chumvi moja ya dawa, washindani wakatumia nyingine, na wakahesabiwa wameingilia kwa kuwa tofauti hiyo haikubadilisha kinachofanya dawa ifanye kazi. Sheria yetu ya Hataza na mahakama zetu si za Uingereza, lakini hukumu kama hizi husomwa hapa kama mwongozo, kwa kuwa mila ya sheria ni moja na kesi za hataza zilizofika mwisho nchini ni chache.

Basi kwenye mpira, fundi wetu ana hoja. Anaweza kusema mpira unafanya kazi ya springi kwa njia ile ile. Ana hoja pia, dhaifu zaidi, kwamba mota ni mbadala wa injini. Lakini magurudumu? Mashine ya kampuni haina chochote mahali pa magurudumu. Hoja ya mbadala inahitaji kuwe na kitu kinachochukua nafasi ya kile kilichotajwa, na kipengele ambacho hakipo kabisa hakina mbadala. Magurudumu mawili ya toroli, ambayo hayana uhusiano wowote na kuchakata, yanaweza kuwa ndiyo yanayoiweka kampuni nje ya dai la 1.

Kuna jambo lingine linalouma. Kwenye ukurasa wa tisa wa maelezo yake, fundi aliandika kwamba badala ya springi mtu anaweza kutumia mpira. Aliandika kwa nia njema, kuonyesha amefikiria kila njia. Kitu unachokieleza kwenye maelezo halafu usikidai kwenye madai huwa ni silaha ya mshindani: atasema ulijua kuhusu mpira, ukaamua kudai springi ya koili tu, kwa hiyo mpira umewaachia watu wote. Marekani mahakama ya rufaa ya hataza iliweka msimamo huo waziwazi mwaka 2002, na hata kwingineko hoja hiyo ina uzito.

Madai ya 2 na 3 hayakuongezi eneo

Watu huhesabu madai kama wanavyohesabu ng'ombe. Hataza yenye madai 20 inaonekana tajiri kuliko yenye 4. Dai la 2 hapo juu, hata hivyo, limebeba ndani yake kila kitu cha dai la 1, pamoja na magurudumu, kisha likaongeza sharti la milimita. Kwa hiyo kila mashine inayoingia dai la 2 tayari imeingia dai la 1, na ile isiyoingia dai la 1 haiwezi kuingia la 2 wala la 3.

Kazi ya madai hayo tegemezi ni nyingine. Tuseme kampuni inakasirika na kuanza kutafuta namna ya kuiangusha hataza. Inakuta katalogi ya zamani ya mashine ya katani yenye bamba la springi, magurudumu na dizeli, iliyochapishwa kabla ya tarehe ya maombi ya fundi. Dai la 1 linaanguka, kwa sababu si jipya tena. Kama ile katalogi haikusema chochote kuhusu mwanya wa milimita 1 hadi 3, na kama vipimo hivyo vina faida ya kweli ambayo haikuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida, dai la 2 linaweza kubaki limesimama peke yake. Mpewa leseni makini huuliza hili mapema: dai pana likianguka, nitabaki nimelipia nini? Mwenye hataza anafaa awe na jibu kabla hajaulizwa.

Dai la 4, lililosahauliwa

Nimeliacha kwa makusudi. Ni dai huru, halijategemea dai la 1, na linalinda njia, yaani hatua za kazi. Lisome tena taratibu. Halina magurudumu. Halina dizeli wala injini ya aina yoyote. Ngoma "inayozunguka" inaweza kuzungushwa hata kwa mkono. Halisemi springi ya koili, linasema kifaa kinachonyumbuka, na mpira unanyumbuka. Mashine ya kampuni ikiwashwa na jani likapita, hatua zote tatu zinatimia. Anayeitumia yumo ndani ya dai la 4 bila ubishi mkubwa.

Hili ndilo dai lenye nguvu kwenye hataza hii, na fundi hakuwa ameliona kwa sababu liko mwisho na ni fupi. Lakini lina kasoro yake, nayo ni ya kibiashara. Dai la njia linavunjwa na yule anayefanya hatua hizo. Kampuni ya Mombasa inatengeneza na kuuza mashine. Anayeingiza jani ni mkulima wa Muheza au kikundi cha Korogwe. Je, fundi atawashitaki wakulima mmoja mmoja, wale wale ambao ni majirani na wateja wake? Mwenye haki ya njia huwa na haki pia juu ya kile kinachotoka moja kwa moja kwenye njia hiyo, hapa singa zenyewe, lakini kuifuata robota ya singa bandarini uthibitishe imepita kwenye bamba gani ni kazi ambayo sidhani kuna mtu angeitaka. Kumfikia mtengenezaji kwa sababu amewapa wakulima kifaa cha kuvunjia dai kunategemea sheria ya nchi na ushahidi wa alichokijua na alichowaelekeza, kwa hiyo hapo wakili anahitajika kweli kweli.

Hata hivyo dai la 4 linabadilisha mazungumzo. Kampuni haiwezi kumwambia kila mnunuzi wa upande wa Tanga kwamba yuko salama. Kikundi kinachonunua mashine kwa mkopo wa benki hakitapenda kusikia kuna hataza inayoweza kukigusa. Hiyo ndiyo sababu ya kweli kwa kampuni kutaka leseni, na fundi anapaswa kuingia kwenye kikao akijua kwamba anachouza ni utulivu wa wateja wa kampuni hiyo.

Horohoro

Leseni ya hataza, ukiivua mapambo, ni ahadi ya kutomshitaki mtu. Hataza haikupi ruhusa ya kutengeneza. Inakupa uwezo wa kuwazuia wengine. Kwa hiyo mahali ambapo huwezi kumzuia mtu, huna cha kumwuzia.

Fundi alisajili BRELA peke yake. Haki hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na daftari lake, na Kenya hali kadhalika. Hakuna hataza ya dunia nzima, hata ile namba ya chapisho la kimataifa inayoanza na herufi WO ni ya maombi tu. Angepitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu kule Harare, angeweza kutaja Tanzania na Kenya kwenye ombi moja, lakini muda wa kufanya hivyo una ukomo, na uvumbuzi ukishachapishwa hauwi mpya tena.

Kwa hiyo kampuni ikitengeneza Mombasa na kuuza Kilifi na Taita, haihitaji leseni yake hata chembe. Mashine ile ile ikivuka Horohoro kuja Tanga, hapo suala la madai linafufuka, kwa sababu kuingiza, kuuza na kutumia nchini ni miongoni mwa mambo ambayo mwenye hataza anaweza kuyazuia. Rasimu ya mkataba waliyomletea ilisema "leseni ya kipekee ya Tanzania na Kenya" kwa mrabaha mmoja. Kwa upande wa Kenya, hakuna hataza ya kutolea leseni. Kama kampuni inataka kulipia Kenya pia, inalipia kitu kingine, na ni vizuri kujua ni kitu gani.

Kitu hicho huwa ni ujuzi. Springi ya ugumu gani, bamba lipinde kwa duara la kiasi gani, visu vingapi kwenye ngoma na mwendo gani wa mzunguko usiokata singa, bamba linachakaa wapi kwanza. Mambo hayo mara nyingi hayamo kwenye hataza kwa undani wake, na mtu akiyapata anaokoa msimu mzima wa kubahatisha. Ujuzi hauna mpaka wa Horohoro. Unauzwa kwa mkataba, kwa masharti ya siri, na huisha thamani siku ukiuzungumza bure kwenye kikao cha kwanza, jambo ambalo mafundi wetu hulifanya kwa ukarimu mno.

Je, madai yanaweza kurekebishwa?

Inategemea umefika wapi. Kama hataza ilikuwa bado ni ombi, fundi angeweza kuomba kuyafuta magurudumu na dizeli kwenye dai la 1, mradi maelezo yake yanaunga mkono mashine isiyo navyo. Kwa kuwa maelezo yalitaja mota ya umeme na mpira, msingi ulikuwepo. Baada ya hataza kutolewa, kanuni iliyozoeleka katika nchi nyingi ni kwamba unaweza kulibana dai lakini huwezi kulipanua, maana watu wengine wameshapanga biashara zao kwa kuangalia mipaka iliyotangazwa. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuangalia kwenye nyaraka ni kama madai unayoyasoma ni yale yaliyoombwa au yale yaliyokubaliwa. Yanaweza kutofautiana sana, na nimewahi kuona rasimu ya leseni iliyobandikwa madai ya ombi la awali, mapana na ya kupendeza, ambayo mkaguzi alikuwa ameshayakata. Angalia pia kama ada za kila mwaka zimelipwa. Hataza iliyokufa kwa ada haina dai lolote la kusoma.

Turudi kwenye asilimia tano

Asilimia tano ya nini? Rasimu inasema mrabaha utalipwa kwa "kila Mashine Husika", na ukurasa wa pili unafafanua Mashine Husika kuwa ni mashine yoyote inayoingia katika dai la 1 la hataza. Weka sentensi hiyo kando ya mchoro wao usio na magurudumu. Kampuni ingesaini, ingepata leseni ya kipekee inayomzuia fundi kuwapa wengine, ingeuza mashine zake za zege na mota, na mwisho wa kila robo mwaka ingeripoti kwa haki kabisa kwamba Mashine Husika zilizouzwa ni sifuri.

Sidhani ilikuwa hila. Wanasheria hunakili vifungu kutoka mkataba mmoja hadi mwingine. Lakini fundi angelia peke yake.

Ushauri niliompa ni kubadilisha ufafanuzi huo. Kwa Tanzania Bara, Mashine Husika iwe ni yoyote inayoingia katika dai lolote la hataza, au ambayo matumizi yake ya kawaida yanatekeleza dai la 4. Kwa mashine nyingine yoyote ya kuchakata mkonge itakayotengenezwa kwa kutumia ujuzi aliowapa, popote itakapouzwa, uwekwe mrabaha wa pili, mdogo zaidi, ulioandikwa waziwazi kuwa ni wa ujuzi, ili siku dai likianguka au muda wa hataza ukiisha, fungu moja likatike na lingine libaki kwa muda wake. Leseni iwe ya kipekee kwa sharti la kiwango cha chini cha malipo kila mwaka. Wasipokifikia, upekee unaondoka na yeye anakuwa huru kuzungumza na karakana nyingine. Mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na upelekwe BRELA uandikishwe. Na wasipokubali mrabaha wa ujuzi, basi michoro ya ngoma na ile springi asiwape, awape leseni ya madai peke yake, waone wenyewe kwenye majani ya kitako kama mpira wao unarudi kwa kasi inayotakiwa.